Akaunti moja imesimamishwa, 1,199 zinasubiri: muamala mmoja, vituo vya kurudia, au kila mteja kivyake?

Kazi ya usiku inaanza saa saba kamili. Inachukua orodha ya akaunti 1,200 zinazotakiwa kutozwa ada ya mwezi, kisha inazipitia moja baada ya nyingine. Dakika mbili baadaye, mtu wa kitengo cha usalama anaona jambo la kutia shaka kwenye akaunti moja na kuisimamisha. Akaunti hiyo ni ya 417 kwenye orodha, na kazi bado haijaifikia. Ikiifikia, hifadhidata itakataa, na ina haki ya kukataa.

Swali ni hizo nyingine zitapatwa na nini. Nitalinganisha njia nne nilizowahi kuzitumia, zote kwa tukio hilihili, nikitumia PostgreSQL na Python kwa kuwa ndizo ninazoshinda nazo kutwa. Jedwali la `akaunti` lina `id`, `hali` na `salio`. Jedwali la `malipo` lina `mzunguko`, `akaunti_id` na kiasi, na jozi ya `mzunguko` na `akaunti_id` imewekewa `UNIQUE`, yaani mteja hawezi kutozwa mara mbili kwa mwezi mmoja. Kuna pia `TRIGGER` inayozuia salio lisiguswe akaunti ikiwa imesimamishwa. Inatoa kosa lenye alama tuliyojitungia wenyewe, `AK001`. Alama hiyo ndogo itatufaa sana huko mbele.

Njia ya kwanza: wote ndani ya muamala mmoja

Unafungua muamala, unapitia akaunti zote 1,200, unakamilisha mwishoni. Ya 417 inapokataa, kazi inakatika na zile 416 zilizokwishatozwa zinarudishwa nyuma. Asubuhi hakuna hata mmoja aliyetozwa.

Watu huicheka njia hii kana kwamba ni ya wanafunzi. Mimi siicheki. Kama vitu ulivyonavyo vimefungamana, kwa mfano fedha inatoka akaunti moja na kugawanywa kwa wabia watano, na lazima kilichotoka kilingane na kilichoingia, basi kushindwa kwa mmoja kunapaswa kuwa kushindwa kwa wote. Kumtenga mbia mmoja hapo ni kuharibu hesabu. Lakini ada za wateja 1,200 hazina undugu huo. Mteja wa 3 hana habari na mteja wa 417, na hakuna hesabu inayowaunganisha.

Hatari ya njia hii iko kwenye jaribio la kuitengeneza kwa haraka. Mtu anaona kazi imekatika, anaizungushia `try` na `except` ndani ya kitanzi, anasema sasa kosa la mmoja litarukwa. Kwenye PostgreSQL halirukwi. Amri moja ikishindwa ndani ya muamala, muamala wote unahesabiwa kuwa umeharibika, na kila amri inayofuata inajibiwa hivi:

```
ERROR: current transaction is aborted, commands ignored
until end of transaction block
```

Kwa hiyo ukifungua kumbukumbu za kazi utakuta akaunti 784 zimeshindwa: ile ya 417 kwa sababu ya kweli, na 783 zilizoifuata kwa sababu ya ujumbe huo hapo juu. Niliwahi kukaa saa nzima nikitafuta tatizo la akaunti ya mwisho kabisa kwenye orodha, kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwanza chini ya skrini. Haikuwa na tatizo lolote. Ukiona kosa lenye alama `25P02`, usilichunguze lenyewe. Panda juu mpaka ulipate kosa la kwanza lisilo na alama hiyo.

Kibaya zaidi ni mwisho wake. Kitanzi kinafika tamati, programu inatuma `COMMIT`, na seva haitoi kosa. Inajibu tu kwa neno `ROLLBACK`. Programu isiyosoma jibu hilo itaandika kuwa kazi imekamilika, na hakuna kilichobaki ndani.

Anayetoka kwenye MySQL huingia mtego huu kirahisi, maana huko, kwa makosa mengi ya kawaida, InnoDB hurudisha nyuma amri iliyoshindwa peke yake na muamala ukaendelea. Msimbo uleule unafanya kazi upande mmoja na kuanguka upande wa pili.

Njia ya pili: kuchuja kabla ya kuanza

Unachukua tu akaunti ambazo `hali` yake ni `HAI`. Ni nafuu, na kwa akaunti zilizosimamishwa jana au wiki iliyopita inatosha kabisa. Ifanye hata kama utachagua njia nyingine, kwa sababu inapunguza makosa ya bure.

Ila haitoshi peke yake. Kati ya kuchukua orodha na kuifikia akaunti ya 417 kuna dakika kadhaa, na humo ndimo usimamishaji wetu ulimotokea. Ulichosoma saa saba kamili kilikuwa kweli saa saba kamili. Ukitaka kuziba pengo hilo, hakikisha hali inaangaliwa ndani ya amri ileile inayobadilisha salio:

```sql
UPDATE akaunti SET salio = salio - :ada
WHERE id = :id AND hali = 'HAI';
```

Kama akaunti imesimamishwa, amri hii haitoi kosa. Inarudisha tu kwamba imegusa mistari 0. Napenda sana namna hii, kwa sababu kusimamishwa kunakoma kuwa ajali na kunakuwa jibu la kawaida. Lakini lazima uisome ile sifuri. Asiyeisoma ataingiza mstari kwenye `malipo` wakati salio halikuguswa, na mteja ataonekana amelipa. Pia haikulindi dhidi ya makosa mengine ya akaunti mojamoja, kama salio lililovunja kanuni ya `CHECK`. Hayo yatauangusha muamala vilevile.

Na kuna jambo ambalo wachujaji wengi husahau: aliyechujwa haonekani popote. Akaunti ikirudishwa baada ya siku tatu, nani anajua kwamba haikutozwa mwezi huu? Mteja aliyeshindwa na akaandikwa ana nafuu kuliko aliyerukwa kimyakimya.

Njia ya tatu na ya nne, ambazo ni karibu mapacha

Hapa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo, na ndipo nitakaa zaidi. Njia ya tatu ni kuwa na muamala mmoja mkubwa, lakini kabla ya kila akaunti unaweka kituo cha kurudia kwa amri ya `SAVEPOINT`. Akaunti ikikataa, unarudi kwenye kituo hicho tu kwa `ROLLBACK TO SAVEPOINT`, muamala unapona, unaendelea na ya 418. Njia ya nne ni kila akaunti kupewa muamala wake kamili, unaofunguliwa na kukamilishwa kabla ya kwenda kwa inayofuata.

Kwa psycopg toleo la 3 kiini chake kinaandikwa hivi:

```python
for akaunti_id in orodha:
    try:
        with conn.transaction():
            toza_ada(conn, mzunguko, akaunti_id)
    except psycopg.Error as e:
        if e.sqlstate != "AK001":
            raise
        andika_kushindwa(conn, mzunguko, akaunti_id)
```

Hiyo ni njia ya nne, mradi muunganisho umefunguliwa kwa `autocommit=True`. Ukikizungushia kitanzi chote `with conn.transaction():` nyingine kwa nje, imekuwa njia ya tatu, kwa sababu psycopg ikikuta muamala umeshafunguliwa, ule wa ndani inaugeuza kuwa `SAVEPOINT`.

Urahisi huo una mtego wake. Bila `autocommit=True`, amri yoyote uliyotuma kabla ya kitanzi, hata `SELECT` iliyoleta orodha, imeshafungua muamala bila wewe kuuona. Unadhani uko njia ya nne, kumbe uko ya tatu, na hakuna kilichohifadhiwa mpaka ule wa nje ukamilishwe. Namna ya kujua: kazi ikiwa katikati, fungua muunganisho mwingine na uhesabu mistari ya `malipo` ya mzunguko huu. Kama hesabu ni 0 na kazi inasema imeshapita akaunti 300, umejibiwa.

Njia zote mbili zinaipita ya 417 salama. Asubuhi una 1,199 waliotozwa na mmoja aliyeandikwa kuwa ameshindwa. Tofauti inajitokeza mambo mengine yakiharibika. Tuseme usiku huohuo, kazi ikiwa kwenye akaunti ya 1,150, mashine inazimika:

| Njia | Ya 417 ikikataa, mashine ikiwa nzima | Mashine ikizimika kwenye ya 1,150 |
|---|---|---|
| Muamala mmoja | 0 wametozwa | kazi ilishakatika, 0 |
| Muamala mmoja na vituo | 1,199 | 0 |
| Vituo, kwa mafungu ya 50 | 1,199 | 1,099 |
| Kila mteja kivyake | 1,199 | 1,148 |

Kituo cha kurudia kinakulinda dhidi ya mteja mbaya. Hakikulindi dhidi ya mashine mbaya, maana chochote kilicho ndani ya muamala mkubwa bado kimening'inia hewani mpaka `COMMIT` ya mwisho.

Kuna na suala la kufuli. Muamala unapobadilisha mstari wa akaunti, unaufunga mstari huo hadi muamala uishe. Kwenye njia ya tatu, mteja wa 1 anafungwa tangu mwanzo mpaka wa 1,200 amalizike. Akijaribu kulipa kitu katikati, malipo yake yatasubiri, na yeye ataona mtandao mzito. Kwenye njia ya nne anafungwa kwa muda mfupi wa zamu yake tu.

PostgreSQL nayo ina kikomo chake hapa. Kila kituo ambacho kazi yake imeandika kitu hupewa namba ndogo ya muamala, na seva hukumbuka namba 64 tu za namna hiyo kwa kila muunganisho katika kumbukumbu ya karibu. Zikizidi, wengine wanaosoma data hulazimika kwenda kutafuta kwenye `pg_subtrans`, na siku yenye shughuli nyingi hilo linaweza kupunguza kasi ya hifadhidata yote, hata kwa programu zisizohusika na ada zako. Kwa hiyo vituo 1,200 ndani ya muamala mmoja si wazo zuri. Ukiitaka njia ya tatu, igawe: mafungu 24 ya akaunti 50, kila fungu na muamala wake, na vituo ndani yake. Akaunti yetu ya 417 itaangukia fungu la 9, na hata hilo fungu halitaangushwa nayo.

Kwa nini basi mtu asichague njia ya nne moja kwa moja? Sababu ni gharama ya kukamilisha. Kwa mipangilio ya kawaida, kila `COMMIT` husubiri diski ithibitishe kuwa imeandika. Mara 1,200 hutazihisi. Mara milioni moja utazihisi, na hapo mafungu ya 50 yanakupunguzia hadi mara elfu 20. Huo ndio mpaka wangu: nikiwa na maelfu machache, kila mteja kivyake. Nikiwa na malaki na kuendelea, mafungu yenye vituo.

Mambo mawili yanayoharibu njia ya nne hata ukiichagua vizuri

La kwanza ni mahali pa kuandika kushindwa. Tazama tena msimbo hapo juu: `andika_kushindwa` iko nje ya `with`, chini ya `except`. Nimeona ikiwekwa ndani, mahali panapoonekana pa maana zaidi kwa kuwa ndipo kosa lilipotokea. Ikiwa ndani, taarifa ya kushindwa inakuwa sehemu ya muamala ulioharibika, na inakataliwa kwa `25P02`. Kazi inasimama kwa alama hiyo, ukienda kwenye jedwali la walioshindwa hakuna mtu. Taarifa lazima iandikwe baada ya muamala wa mteja kufungwa, kwa muamala wake yenyewe.

La pili ni mistari miwili inayosema kama alama si `AK001`, `raise`. Bila hiyo, kitanzi kinameza kila kosa. Tuseme ruhusa ya kuandika kwenye `malipo` imeondolewa kazi ikiwa kwenye akaunti ya 600. Kitanzi chenye tamaa ya kuendelea kitaendelea kweli, kikigonga mlango uliofungwa mara 600 nyingine na kuwatangaza wateja 600 wazima kuwa na matatizo. Kosa la mteja litengwe, kosa la mfumo lisimamishe kazi. Ukishindwa kuyatofautisha, ni afadhali kazi isimame.

Naongeza breki ndogo. Kwa kawaida yetu, waliosimamishwa kwa mwezi huhesabika kwa vidole. Wakifika 30 katika usiku mmoja, kazi inasimama na kumwamsha mtu, hata kama kila mmoja ana `AK001` halali. Usiku mmoja, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, mtu alibadilisha safu ya `hali` akisahau `WHERE`. Kama si breki, tungeamka na ripoti safi kabisa ya kutotoza karibu kila mtu.

Kazi ikisimama katikati kwa sababu yoyote, unaianzisha upya tangu mwanzo bila hofu, kwa sababu `toza_ada` huanza kwa kuingiza mstari wa `malipo` kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`. Ikigusa mistari 0, mteja huyo ameshatozwa, inamwacha bila kugusa salio. Bila ile `UNIQUE`, njia ya nne ni hatari kuliko ya kwanza: ukiirudia unatoza mara mbili, wakati ya kwanza ukiirudia haina madhara.

Na foleni?

Wengine watasema kila akaunti iwe ujumbe kwenye foleni, itengwe kwa asili yake. Kwa akaunti 1,200 naona ni kuongeza mtambo wa kutunza bila sababu, lakini kama foleni ipo tayari, angalia jambo moja. Wapokeaji wengi hupokea ujumbe kwa mafungu. Kwa Lambda inayosoma kutoka SQS, ujumbe mmoja ukishindwa fungu zima hurudi kwenye foleni, isipokuwa umewasha `ReportBatchItemFailures` na programu yako irudishe orodha ya `batchItemFailures`. Usipofanya hivyo umerudi njia ya kwanza ukiwa na mavazi mapya.

Na hata ukiiwasha, akaunti iliyosimamishwa usiirudishe humo. Ukiirudisha, foleni itaijaribu tena na tena, na kila mara jibu litakuwa lilelile mpaka binadamu aifungulie. Iandike kuwa imeshindwa, kisha upokee ujumbe kama uliomalizika. Kujaribu tena ni kwa mtandao uliokatika.

Ninachokiangalia asubuhi ni mstari mmoja mwishoni mwa kumbukumbu:

```
mzunguko=2025-03 orodha=1200 waliotozwa=1199 walioshindwa=1
```

Namba mbili za mwisho zisipojumlishwa kufikia ya kwanza, kuna mteja aliyedondoka njiani, na sifungi dawati kabla sijampata. Zikifika, nachukua `akaunti_id` ya yule mmoja kutoka jedwali la walioshindwa na kumpelekea mtu wa usalama. Akiifungulia akaunti Alhamisi, tunaendesha kazi ileile kwa `mzunguko` uleule. Inapita 1,199 bila kuwagusa, inamtoza mmoja.